Jinsi ya Kumfanya Mkuu wa Shule Anunue Vikokotoo Akiamini Wazo Ni Lake

Mwalimu mwenzangu wa hisabati, sogea hapa kabla kengele haijagongwa. Unataka mikebe ya jiometri na vikokotoo vya kisayansi. Uliomba kwa mdomo kwenye kikao cha walimu, mkuu akasema "tutaliangalia," na katibu akaliandika kwenye muhtasari chini ya Mengineyo. Ombi lililolala kwenye Mengineyo haliamki lenyewe. Kwa hiyo sasa unaandika barua, na utaiandika kwa ujanja. Ndani yake hatutaweka uongo hata mmoja. Tutaweka njia za mkato tu, na njia za mkato zote zinapita kwenye moyo wa anayesoma.

Nachukulia unafundisha sekondari ya serikali hapa Tanzania, yenye kidato cha kwanza hadi cha sita. Fuata hatua hizi.

1. Kabla ya kalamu, soma ukurasa wa mbele wa mtihani

Barua nyingi za vikokotoo zinakufa kwa sababu moja. Mwalimu anaandika "vikokotoo 100 kwa ajili ya Kidato cha Nne," anamaliza kwa saini nzuri, na mkuu ambaye amesimamia mitihani miaka mingi anacheka kimoyomoyo. Anakumbuka maelekezo yaliyochapwa mbele ya mitihani ya Hisabati ya Kidato cha Nne mwaka hadi mwaka: majedwali ya hisabati ya NECTA yanaruhusiwa, vikokotoo haviruhusiwi. Umemwomba anunue kitu ambacho msimamizi atamnyang'anya mtoto mlangoni.

Sasa chukua karatasi za Kidato cha Sita. Hisabati ya Juu inaruhusu kikokotoo kisichoprogramika, na swali la kwanza la karatasi ya kwanza kwa miaka mingi limetoka kwenye mada ya vifaa vya kukokotolea. Linamtaka mtahiniwa atumie kikokotoo na aandike jibu kwa idadi ya desimali aliyoambiwa. Ile hisabati ya wanafunzi wa PCB na CBG, wanayoiita BAM, nayo ina mada hiyohiyo. Asiye na kikokotoo hapo anapoteza alama kabla hajageuza ukurasa.

Toa nakala ya kurasa mbili: ule unaokataza na ule unaodai. Ambatisha zote mbili. Ule unaokataza ndio utakaomfanya mkuu akuamini, kwa sababu ataona umejikatia mwenyewe kabla yeye hajakukata. Mtu akiona umeshajinyima, mkono wake wa kunyima unapumzika.

2. Hesabu wasio navyo

Usiombe "kwa wanafunzi wote." Neno wote linamtisha kila mwenye hundi. Ingia darasani mwezi wa Aprili au Mei, kwa Kidato cha Tano watakaoingia cha Sita mwezi Julai, uwaambie kila mwenye kikokotoo akiweke mezani. Andika idadi. Kisha pita tena kesho yake bila taarifa, maana siku ya kwanza wengine waliazima kwa rafiki ili wasionekane hawana. Fahari hiyo ni ya kawaida kwa umri wao, na itakuharibia takwimu usipoiwinda.

Tuchukue mfano, namba zote ni za kuonyesha njia. Una wanafunzi 62 wanaosoma hisabati Kidato cha Tano. Wenye vikokotoo vyao ni 42. Wasio navyo ni 20, na kati yao 6 wanasoma Hisabati ya Juu na 14 wanasoma BAM. Ombi lako sasa ni vikokotoo 20. Kila kimoja kina mtoto nyuma yake, na orodha ya majina unayo mfukoni. Majina usiyaweke kwenye barua, ni aibu kwa watoto. Sema tu kwamba yapo, na mkuu akitaka atayaona.

Mikebe ya jiometri ihesabu kwa njia nyingine, kwa sababu hapa pingamizi ni tofauti: "Mkebe ni wa mzazi kununua." Pingamizi hilo lina nguvu, usipigane nalo. Omba *seti za darasa*: mikebe inayokaa kwenye sanduku la idara, inaingia darasani na mwalimu na kutoka na mwalimu. Mkondo wako mkubwa kuliko yote una wanafunzi 54. Wawili wawili kwa mkebe mmoja ni mikebe 27. Ongeza 3 ya akiba, maana bikari moja italegea na rula mbili zitavunjika kabla ya likizo. Jumla 30. Mikebe hiyo itahudumia mikondo yote ya kidato cha kwanza hadi cha nne, mradi tu mikondo miwili isiwe na jiometri kipindi kimoja. Kwa hilo pitia kwa mtaaluma, umwombe ratiba, na umshukuru kwa maandishi. Mtaaluma aliyeshukuriwa kwa maandishi ataibeba barua yako kama yake.

3. Jua ukubwa wa mfuko unaoingiza mkono

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, shule za serikali zinapokea ruzuku ya uendeshaji. Kwa sekondari kiwango kilichowekwa ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake, yaani 12,500, ndiyo inayotumwa shuleni. Nusu nyingine inanunulia vitabu huko juu. Piga hesabu, wewe ni mwalimu wa hisabati. Shule yenye wanafunzi 600 wa kidato cha kwanza hadi cha nne inapata 600 × 12,500 = 7,500,000 kwa mwaka. Gawa kwa 12: 625,000 kwa mwezi. Ndani ya hizo kuna chaki, karatasi za mitihani ya ndani, ukarabati, umeme, mlinzi na wino wa mashine ya kuchapia.

Ombi lako la mfano, utaliona chini, linafika 820,000. Hiyo ni zaidi ya ruzuku ya mwezi mzima ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Ukiliweka mezani kwa mkupuo, mkuu hatakataa kwa sababu hapendi hisabati. Atakataa kwa sababu akikubali, walimu wa maabara watamngojea mlangoni kesho asubuhi.

Kwa hiyo panga awamu tatu. Hapa uwe mwangalifu: sheria ya manunuzi ya umma inakataza kukata manunuzi vipande ili kukwepa utaratibu. Unachofanya wewe ni kinyume chake. Ombi ni moja, jumla inaonekana, liko kwenye mpango mmoja wa manunuzi wa mwaka, na mapokezi yanafuata uingiaji wa fedha. Iandike hivyo waziwazi, mwezi wa kila awamu ukionekana. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri akija atakuta mstari ulionyooka.

Peleka barua kabla bajeti ya shule ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai haijafungwa. Siku hizi manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST, na kisichokuwa kwenye mpango wa manunuzi kinakuwa na safari ndefu hata mkuu akiwa amekupenda. Barua ya Septemba inayoomba fedha za Oktoba ni sala, siyo ombi.

4. Tafuta maneno yake mwenyewe

Hii ndiyo hatua tamu, nami nakusihi usiiruke. Nenda kwa katibu wa vikao, omba daftari la mihtasari, na usome kila kitu ambacho mkuu amesema kuhusu ufaulu. Amesema. Wakuu wote husema. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka Januari, anarudi kutoka kikao cha afisa elimu akiwa amebanwa, anasimama mbele yenu na kutamka sentensi kama "mwaka huu hisabati lazima ipande." Nakili sentensi hiyo pamoja na tarehe ya kikao na namba ya agenda.

Sasa ombi lako limebadilika jina. Wewe huombi tena, unatekeleza. Kichwa cha barua hakitasema OMBI LA FEDHA. Kitasema UTEKELEZAJI WA AGIZO LAKO. Mkuu wa shule anaweza kukataa ombi la mwalimu akiwa anakunywa chai. Kukataa agizo lake mwenyewe, lenye tarehe, ni kazi inayohitaji kukaa chini na kufikiri, na kwenye meza yake hana nafasi ya kufikiri kwa ajili ya hilo.

Sentensi yake usiibadilishe hata herufi. Ukiipamba atajua. Ukiiacha kama alivyoitamka, atajisikia alisema jambo zito, na kweli alilisema.

5. Mwonyeshe kwa mkono wake

Kabla hujapeleka barua, ingia ofisini kwa jambo lingine lolote ukiwa na bikari mbovu. Unaijua: ile ya bati jepesi ambayo skrubu ya kiungo imelegea. Mwombe mkuu akusaidie kidogo. Achore duara la nusu kipenyo cha sentimita 5, kisha bila kubadili upana wa bikari apige alama kwenye mzingo, aruke kutoka alama hadi alama.

Kwenye duara zima, nusu kipenyo hukata mzingo mara sita kamili na alama ya sita huangukia pale ulipoanza. Kwa bikari iliyolegea, miguu inatanuka kila inapobanwa. Duara lenyewe huenda lisifunge: mstari unarudi milimita mbili nje ya ulipoanzia. Alama ya sita nayo inapita au inapunguka, na pembe sita ambazo zingepaswa kuwa na nyuzi 60 kila moja hazifanani. Mtoto aliyechora hivyo alifuata hatua zote sawasawa, ila jibu lake limekosewa na chombo.

Usiseme neno. Mwache mkuu ajaribu tena. Atajaribu tena, kwa sababu hakuna mtu mzima anayekubali kushindwa na duara mbele ya mwalimu wa chini yake. Akijaribu mara ya tatu, toa bikari nzima mfukoni, yenye skrubu inayokaza, na umwachie achore. Alama ya sita itaangukia mahali pake, na uso wake utabadilika. Hapo umeshamaliza aya nzima ya maelezo ambayo hutahitaji kuiandika.

6. Andika ukurasa mmoja

Mmoja tu. Zinazofuata ni za viambatanisho. Mkuu anasoma akiwa amesimama, simu iko sikioni, na mzazi yuko mlangoni. Namba kubwa iwe kwenye kichwa, jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na uikokotoe mara mbili. Mwalimu wa fasihi akikosea kujumlisha anasamehewa. Wewe ukikosea, barua itazunguka chumba cha walimu muhula mzima.

Hoja za kitaaluma usizitunge. NECTA kila mwaka hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, zikieleza waliokosa walikosea wapi. Tafuta swali la jiometri au la vifaa vya kukokotolea, nakili aya yake moja, taja mwaka wa taarifa, basi. Mkuu anaweza kubishana nawe. Na NECTA habishani.

Barua yenyewe iende hivi:

> SHULE YA SEKONDARI ………
> Idara ya Hisabati
> Kumb. Na. ………
> Tarehe ………
>
> Mkuu wa Shule,
> Shule ya Sekondari ………
>
> Kupitia: Mkuu wa Idara ya Hisabati
> Kupitia: Mwalimu wa Taaluma
>
> YAH: UTEKELEZAJI WA AGIZO LAKO LA KUINUA UFAULU WA HISABATI – VIFAA VYA SHILINGI 820,000 KWA AWAMU TATU
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Katika kikao cha walimu cha tarehe ………, agenda namba ………, ulituagiza kwamba "mwaka huu hisabati lazima ipande." Idara imekaa na kuangalia agizo hilo litatekelezwaje, na imeona upungufu wa aina mbili unaozuia.
>
> Kwanza, wanafunzi 20 kati ya 62 watakaoingia Kidato cha Sita mwezi Julai hawana kikokotoo cha kisayansi, ilhali mtihani wao unakihitaji (Kiambatanisho A). Vikokotoo hivi havitatumiwa na Kidato cha Nne, ambao mtihani wao hauviruhusu (Kiambatanisho B). Pili, hatuna mikebe ya jiometri ya kufundishia ujenzi wa maumbo kidato cha kwanza hadi cha nne.
>
> Idara inapendekeza yafuatayo, kwa bei za profoma zilizoambatanishwa:
>
> Awamu ya I (Julai): mikebe 30 × 4,500 = 135,000; sanduku la chuma lenye kufuli = 30,000. Jumla 165,000.
> Awamu ya II (Septemba): vikokotoo fx-991ES PLUS, 6 × 45,000 = 270,000.
> Awamu ya III (Novemba): vikokotoo fx-82MS, 14 × 22,000 = 308,000; seti ya vifaa vya ubaoni, 1 × 77,000. Jumla 385,000.
>
> Jumla kuu: shilingi 820,000 (laki nane na ishirini elfu tu).
>
> Vifaa vitaingizwa kwenye leja ya stoo, vitapewa namba za shule, na vitatunzwa na aliyesaini hapa chini. Mwanafunzi ataazimwa kikokotoo kwa saini na kukirudisha siku ya karatasi yake ya mwisho.
>
> Naomba idhini yako ili kamati ya manunuzi iendelee na taratibu.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,
> ………
> Mwalimu wa Hisabati

Angalia ulichofanya. Awamu ya kwanza ni ndogo kuliko zote. Ni rahisi kuidhinisha 165,000, na mtu aliyeidhinisha awamu ya kwanza ameshaingia kwenye gari. Kushuka katikati ya njia kunamtia aibu. Halafu seti ya vifaa vya ubaoni, ile protrakta kubwa ya mbao na bikari ya chaki, umeiweka mwisho kabisa. Ni hitaji la kweli, lakini unaweza kusubiri mwaka mmoja ukichora kwa kamba na chaki. Mkuu anahitaji kitu cha kukata. Kukata ni sehemu ya ukuu. Akitaka kukata, mkono wake utaangukia huko chini, na akifanya hivyo mshukuru. Umepoteza 77,000 na umebakiwa na 743,000.

Kwa nini aina mbili za vikokotoo? Kwa sababu ataulizia, na jibu lako litamwonyesha umeokoa fedha. fx-82MS inabeba kazi za msingi za BAM: ina trigonometria, logi, na takwimu za wastani na mchepuko sanifu. Haina integrali wala matriki. fx-991ES PLUS inazo zote mbili, ndiyo maana unainunua kwa wale 6 wa Hisabati ya Juu tu. Ungenunua 20 za bei ya juu, ungetumia 900,000 kwa vikokotoo peke yake badala ya 578,000. Mwandikie tofauti hiyo, 322,000, kwenye kikaratasi cha njano ubandike juu ya barua. Mkuu atakwenda nayo kwenye kikao cha Bodi ya Shule na kusema "tumeokoa." Mwache aseme tumeokoa.

7. Mwandikie na majibu

Usipeleke barua peke yake. Peleka na dokezo sabili lililokwisha kuchapwa, la kutoka kwa mkuu kwenda kwa mhasibu, lenye maneno "Naridhia awamu ya I, tafadhali shughulikia kwa mujibu wa taratibu," na nafasi ya saini na tarehe. Barua isiyo na dokezo inamtaka mkuu aandike. Yenye dokezo inamtaka asaini. Kati ya kuandika na kusaini kuna wiki tatu.

Mpelekee asubuhi baada ya paredi, siku ambayo hakuna mgeni wa wilayani. Kabla ya hapo, mhasibu awe ameiona. Katika shule nyingi mhasibu ni mwalimu mwenzenu aliyebebeshwa kazi hiyo juu ya vipindi vyake. Ukimruka, karatasi yako itapotea chini ya faili la umeme bila mtu yeyote kuwa na hatia.

Akikataa, na anaweza kukataa, usitoke na neno "hapana" mdomoni mwake. Mwombe aandike pembeni "isubiri hadi robo ijayo." Neno hilo halimgharimu kitu na anajiona mwungwana. Wewe umeondoka na tarehe. Robo ijayo barua yako mpya itaanza: "Rejea idhini yako ya kusubiri ya tarehe ………" na utakuwa umeshavuka mlima.

Njia moja ya mkato usiijaribu: kumwambia mwenye duka aongeze elfu mbili kwenye kila mkebe. Mikebe 30 ni shilingi 60,000, na kwa hizo utakuwa umempa mtu wa dukani kamba ya kukufunga milele. Zaidi ya hayo, mkuu mwenyewe amenunua mkebe wa mtoto wake Januari. Bei anaijua.

8. Siku ya mapokezi, uwe mkali

Mzigo ukifika, vishawishi vinakuwa viwili: kusaini haraka na kupiga picha. Picha itapigwa, lakini kwanza kamati ya mapokezi ikae mezani na kila kikokotoo kiwashwe. Ipo bidhaa ya bandia yenye jina la Casio na umbo lilelile, na maboksi yake yanapendeza kuliko ya kweli.

Bonyeza 2 + 3 × 4. Kikokotoo cha kisayansi kinatoa 14. Kikitoa 20, umeletewa kikokotoo cha duka la nyanya kilichovaa koti. Kisha bonyeza sin 30. Ukipata 0.5, vizuri. Ukipata −0.988 usikirudishe: kipo kwenye RAD, kibadilishe kiende DEG. Ukipata 0.454 kipo kwenye GRAD. Hiyo ndiyo hitilafu itakayowaangusha wanafunzi wako kwenye chumba cha mtihani zaidi kuliko hitilafu ya kiwandani, kwa hiyo wafundishe kutazama herufi D, R au G juu ya kioo kabla ya kila swali la trigonometria.

Ingia kwenye takwimu, ingiza 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9. Wastani uwe 5. Mchepuko sanifu wa kundi zima uwe 2 kamili; ukiona 2.138 umebonyeza ule wa sampuli, na huo mkanganyiko utauona darasani mara nyingi. Kwa fx-991ES PLUS ongeza jaribio moja: integrali ya x² kutoka 0 hadi 3. Jibu ni 9.

Mikebe ijaribu kwa duara la alama sita. Usijaribu mmoja, jaribu mikebe mitano iliyochaguliwa katikati ya boksi, maana ya juu huwa mizuri. Rula ilinganishe na karatasi ya grafu: sentimita 10 za rula zifunike sentimita 10 za grafu. Plastiki mbovu hupungua, na mtoto anabaki akijiuliza kwa nini pembetatu yake haifungi.

Kikishindwa kitu, kisipokelewe. Andika kwenye hati ya mapokezi "vimekataliwa 3, vibadilishwe," mwenye duka asaini, na risiti ya EFD iwe ya vilivyokubaliwa tu. Kisha chora namba ya shule kwa msumari wa moto nyuma ya kila kikokotoo, siyo kwa kalamu ya wino. Wino hufutika kwa pamba na pafyumu.

Sasa piga picha. Mkuu awe katikati ameshika kikokotoo, wewe kaa pembeni kabisa, nusu ya bega ikikatwa. Siku ya mahafali ya Kidato cha Sita mwandikie aya mbili za hotuba: alivyoona upungufu, alivyochukua hatua, idadi ya watoto waliofaidika. Atazisoma kwa sauti kubwa. Utakapopeleka barua ya mwaka ujao, ya betri na ile seti ya ubaoni aliyoikata, kichwa chake kiwe MWENDELEZO WA MPANGO WAKO, na uambatanishe hotuba yake.